Kesho kutwa ya nani? Jinsi juzi, kesho kutwa na mtondo zinavyohesabiwa

*Mwalimu, hujambo. Nashona nguo hapa Kibuye, Kisumu. Jumanne asubuhi nilikuta ujumbe wa sauti kwenye simu, umeingia saa sita na dakika ishirini usiku: "Mama, sare za kwaya nitazichukua kesho kutwa." Nikapanga Alhamisi. Jumatano saa nne mwenyekiti wa kwaya yuko mlangoni, na sare 18 hazina vifungo. Ni nani alihesabu vibaya? Halafu nina mteja mwingine, mama wa Mombasa. Alhamisi alipiga simu akasema gauni lake atalichukua mtondo. Msaidizi wangu anasema mtondo ndiyo kesho kutwa. Na hii juzi ya watu wa huku kwetu, ni siku gani hasa?*

Dada, nyote wawili mlihesabu sawa, ila kila mmoja alianzia leo yake. Mwenyekiti alipokuwa akisema kwenye simu yake alikuwa bado hajalala. Pengine ndiyo kwanza ametoka mazoezini, amekula, ameketi kitandani, akakumbuka sare. Kwake hiyo ilikuwa Jumatatu inayokokota miguu. Kesho yake ni Jumanne, kesho kutwa yake ni Jumatano. Lakini simu hailali wala haisubiri mtu alale. Ilikuwa imeshavuka saa sita ya usiku, ikaandika 00:20 chini ya siku mpya, Jumanne. Wewe ukausikiliza ujumbe Jumanne kumekucha, kesho yako ikawa Jumatano, kesho kutwa yako Alhamisi. Siku nzima imepotea katikati na hakuna aliyedanganya. Hiyo saa ya usiku nitairudia, maana hesabu yenyewe ndiyo ya kwanza.

Maneno haya yote husimama kwenye leo, na leo yenyewe haihesabiwi. Ni sifuri. Kesho ni hatua moja mbele, kesho kutwa ni hatua mbili. Jana ni hatua moja nyuma, juzi ni hatua mbili. Wanafunzi wangu hapa Nakuru huwafundisha kwa vidole: kidole gumba ni leo, kishike usikitaje, anza kutaja kidole kinachofuata. Mtoto anayetaja gumba "moja" atakosea siku moja kila mara, na mtu mzima pia.

Ukitaka kulikumbuka neno kesho kutwa, litazame lilivyoundwa. Kutwa, au kuchwa kwa matamshi mengine, ni jua kuzama. Ndiyo kutwa ile ya "mchana kutwa", yaani mchana hadi jua litue, nayo ina pacha wake "usiku kucha", usiku hadi kupambazuke. Ndiyo pia kutwa ya shule ya kutwa, ambayo mwanafunzi huondoka nyumbani asubuhi na kurudi jua likizama. Kwa hiyo mimi husikia kesho kutwa kama kesho iliyokwisha kuzama: ukiimaliza kesho, siku unayoikuta ng'ambo ni hiyo. Wengine huliandika neno moja, keshokutwa. Mimi huliandika mbali, na sigombani na mtu juu ya hilo.

Sasa kuna jambo ambalo ndilo huwachanganya watu wengi zaidi, hata walimu wenzangu. Kiswahili kina njia mbili za kuhesabu siku, na zote mbili ni sahihi. Njia ya kwanza ndiyo hii ya kesho na kesho kutwa, leo ikiwa sifuri. Njia ya pili ni ya "siku ya pili", "siku ya tatu", na humo siku ya kuanzia huwa ndiyo ya kwanza. Msimuliaji akisema, "Walifika Busia jioni, siku ya pili yake wakavuka mpaka," hakuna anayedhani walikaa siku mbili Busia. Walilala usiku mmoja tu, wakavuka kesho yake. Siku waliyofika ndiyo ya kwanza.

Mfano ulio karibu zaidi na kwaya yako ni ule wa imani wanayoikiri kanisani: "siku ya tatu akafufuka". Alisulubiwa Ijumaa, na Pasaka ni Jumapili. Hesabu: Ijumaa ya kwanza, Jumamosi ya pili, Jumapili ya tatu. Sasa jiweke Ijumaa ile ile uhesabu kwa njia ya kwanza. Jumamosi ni kesho, Jumapili ni kesho kutwa. Siku ile ile moja ni "ya tatu" kwa njia moja na ni hatua mbili kwa nyingine. Basi mteja akikwambia "siku ya tatu kutoka leo", hujui bado anataka lini, kwa sababu anaweza kuwa anaihesabu leo au anairuka. Muulize. Akisema "baada ya siku tatu", wengi huku husikia siku tatu kamili zipite, lakini hata hapo nimeona watu wakizozana. Neno kesho kutwa halina utata huo. Halikubali leo ihesabiwe.

Sheria ya Kenya ilishaona tatizo hili ikaamua. Sura ya 2, ile ya ufafanuzi wa sheria, kifungu cha 57, inasema muda wa siku unaoanzia kwenye tukio fulani hauihesabu siku ya tukio lenyewe. Ukiambiwa ufanye jambo ndani ya siku 14 tangu kupewa hati, na hati ulipewa tarehe 9, siku ya kwanza ni tarehe 10 na ya mwisho ni tarehe 23. Yaani sheria imechagua njia ya kesho, siku ya kuanzia ni sifuri. Kama kwenye risiti zako umeandika nguo zichukuliwe ndani ya siku kadhaa, nakushauri ufuate hesabu hiyo hiyo, ili mteja mkali asikusumbue.

Tuje kwa mama wa Mombasa, na hapa nasikitika kumwambia msaidizi wako kwamba amekosea. Mtondo si kesho kutwa. Mtondo ni siku inayofuata kesho kutwa, hatua tatu kutoka leo, na baada yake kuna mtondogoo, hatua nne. Alipiga simu Alhamisi. Tuseme ilikuwa tarehe 12. Kesho ni Ijumaa tarehe 13, kesho kutwa ni Jumamosi tarehe 14, mtondo ni Jumapili tarehe 15. Mtondogoo ingekuwa Jumatatu tarehe 16. Kwa hiyo anakuja Jumapili, siku ile Kibuye inapofurika watu, na pengine ndiyo maana aliichagua, aunganishe gauni na kununua vitu vyake sokoni.

Simlaumu msaidizi wako sana. Huku bara mtu anaweza kuishi miaka bila kuisikia mtondo mitaani. Wengi wetu tulikutana nayo darasani, kwenye yale maswali ya mtihani wa darasa la nane kabla haujakoma mwaka 2023. Ukiikuta kamusi moja inasema mtondo ni siku ya tatu na nyingine inasema ni ya nne, usidhani zinapingana. Moja inaianza hesabu kesho, nyingine inaianza leo. Ni zile njia mbili tena. Ulinganishe na kesho kutwa ndipo utajua: inayofuata kesho kutwa ndiyo mtondo, basi. (Na usiichanganye na mtondoo, wenye o mbili mwishoni. Huo ni mti wa pwani.)

Kuna jambo moja ninalolipenda katika maneno haya, nalo halina uzito wowote ila linasaidia kichwa. Yapange yote kwa mstari: juzi, jana, leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Ni saba. Ni wiki nzima, kila siku ya juma ina jina moja tu la aina hii na hakuna inayojirudia. Ikiwa leo ni Jumatano, juzi ni Jumatatu na mtondogoo ni Jumapili. Ukisonga mbele siku moja zaidi unaangukia Jumatatu tena, na hapo maneno yameisha, itabidi useme Jumatatu ijayo.

Kwa hiyo swali la mtihani, "Ikiwa mtondogoo itakuwa Jumapili, juzi ilikuwa siku gani?" halihitaji kusumbuka. Kosa la kawaida la mtoto ni kuanzia kwenye leo ya kweli, ile iliyoandikwa ubaoni asubuhi hiyo, wakati swali limempa leo nyingine kabisa. Kwanza itafute leo ya swali: kutoka Jumapili rudi hatua nne, unapata Jumatano. Kutoka Jumatano rudi hatua mbili, ni Jumatatu. Au tumia ule mstari: juzi na mtondogoo ni ncha zake mbili, hatua sita kati yake, kwa hiyo juzi ni siku inayofuata ile ya mtondogoo ukitaja majina ya juma kwa kwenda mbele. Jumapili, Jumatatu. Umemaliza.

Sasa nirudi kwenye saa sita na dakika ishirini usiku. Saa yetu yenyewe haianzi usiku wa manane. Saa moja ya asubuhi huja jua likishachomoza, saa moja ya usiku jua likishazama, na saa sita ya usiku ni katikati tu ya usiku, si mwisho wa kitu. Hakuna mtu aliyekaa macho anayehisi siku imebadilika kwa sababu saa imegonga sita. Kwa msemaji wa kawaida siku hubadilika akilala akaamka, au kukicha. Ndiyo maana watangazaji wa habari wakiwa na ajali ya saa nane za usiku hawasemi "jana usiku" wala "leo usiku" wakaacha hivyo. Husema "usiku wa kuamkia leo" au "usiku wa kuamkia Jumanne". Neno kuamkia linaufunga usiku kwenye mapambazuko yake, na msikilizaji hana la kukisia.

Mabasi ya usiku hufundisha somo hili kwa uchungu. Nauli imelipwa, tikiti imeandikwa saa sita na nusu usiku, Jumamosi. Abiria anafika stendi Jumamosi jioni na mizigo yake, anakula chapati, anasubiri. Basi lake liliondoka zamani, usiku wa kuamkia Jumamosi, wakati yeye alikuwa amelala akijua safari ni kesho. Ukiona saa inayoanza na 00 kwenye simu au tikiti, jua kwamba siku iliyoandikwa hapo ndiyo inayoanza, wala si ile unayoimaliza. Na ukipokea ujumbe wenye "kesho" au "kesho kutwa" uliotumwa kati ya saa sita na alfajiri, usihesabu chochote kabla hujauliza. Mwenyekiti wako angeulizwa tu, "Jumatano au Alhamisi?" angejibu kwa neno moja.

Mambo huzidi kuharibika neno likisafiri kutoka mdomo hadi mdomo au kutoka karatasi hadi jicho. Liliwahi kunipata mimi mwenyewe, mwalimu wa Kiswahili. Shule moja niliyokuwa na mtoto iliandika barua kwa wazazi siku ya Jumatano: kikao kitafanyika kesho kutwa saa tatu. Mtoto wangu aliibeba barua kwenye mkoba, akaikumbuka Alhamisi jioni tukila. Nikaisoma, nikahesabu kutoka Alhamisi, Jumamosi asubuhi nikavaa vizuri nikaenda. Langoni nilimkuta mlinzi peke yake, anasikiliza redio. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Mwalimu, kikao kilikuwa jana." Tarehe ilikuwa juu ya barua, kulia, imeandikwa vizuri kabisa. Sikuitazama. Neno kesho kutwa ndani ya maandishi huhesabiwa kutoka tarehe ya kuandikwa, hata likisomwa baada ya mwezi. Lakini macho ya msomaji hayakubali, huvutwa na leo ya msomaji. Nilikasirika njia nzima kurudi nyumbani, na nusu ya hasira ilikuwa yangu mwenyewe.

Kwenye mazungumzo Kiswahili kina dawa ya hili, ila tunaiacha. Tunapopeleka maneno ya mtu mwingine kwa siku nyingine, kesho hugeuka kuwa kesho yake, au siku iliyofuata. Jana hugeuka kuwa siku iliyotangulia. Tuseme mteja anapiga simu Jumatano, msaidizi wako anapokea, mteja anasema, "Nakuja kesho kutwa." Anamaanisha Ijumaa. Msaidizi anakwambia Alhamisi. Akisema, "Amesema anakuja kesho kutwa," ameileta kesho kutwa ya Jumatano ndani ya Alhamisi bila kuivua nguo, nawe utasubiri Jumamosi. Akisema, "Jana alisema anakuja kesho," ameihesabu upya, ni vizuri, lakini sasa wewe hujui kama hiyo kesho ni ya jana au ya leo. Neno lisilo na shaka ni jina la siku tu: "Jana amesema anakuja Ijumaa." Mzoeze hivyo. Hesabu ifanywe mara moja, na yule aliyeshika simu, wakati mteja bado yuko hewani.

Uliuliza juzi ni siku gani hasa. Kwa kipimo ni hatua mbili nyuma: leo Alhamisi, jana Jumatano, juzi Jumanne. Kwa matumizi, hasa huku kwetu, juzi ni mpira wa raba. Mtu wa Kondele akikwambia "juzi nilikuona mjini" anaweza kuwa anasema Jumanne, wiki iliyopita, au siku ile mvua kubwa iliponyesha mwezi uliopita. Kiswahili sanifu kimejaribu kutenganisha, kikatupa juzijuzi na majuzi kwa siku chache zilizopita zisizohesabiwa, ili juzi ibaki na siku yake moja. Ulimi wa mitaani haukuukubali ugawaji huo.

Sidhani ni uzembe tu. Tazama Kiswahili kinavyosema jambo lililopita: "alikuja". Asubuhi hii alikuja, jana alikuja, mwaka 1998 alikuja. Kiambishi -li- ni kile kile, hakitwambii ni lini, mzigo wote wa wakati tunauweka juu ya neno la siku. Lugha nyingi za majirani zetu hazifanyi hivyo. Wakalenjin walio huku Nakuru na kuelekea Kericho huubadilisha mwanzo wa kitenzi: ka- kwa jambo la leo, ko- kwa la jana, ki- kwa la zamani zaidi. Kikuyu hutenganisha vivyo hivyo kwa namna yake, na lugha nyingi za Waluhya pia. Msemaji wa lugha hizo akisema tu "alikuja", msikilizaji keshajua kama ni leo, jana au zamani. Akihamia Kiswahili anakikosa kile kiambishi, anatafuta kitu cha kushika nafasi ya "si leo, si jana, lakini si zamani sana", na neno linalomkaa mkononi ni juzi. Mjaluo naye ana nyoro kwa jana na nyocha kwa juzi, na nyocha yake nayo huvutika vile vile ikawa siku chache tu zilizopita. Hapo Kisumu, basi, juzi isiyo na kamba imelelewa nyumbani kabla haijafika kwenye Kiswahili. Haya ni maoni yangu baada ya kusikiliza wanafunzi miaka mingi, si sheria.

Unaweza kuipima juzi kwa majirani zake katika sentensi. Ikitembea na jana, imeshikwa: "jana na juzi sikulala" ni usiku mbili zinazojulikana. Ikiwa na saa, kwa kawaida pia imeshikwa, kwa sababu mtu hakumbuki saa nne na robo ya siku asiyoijua: "juzi saa nne alikuja kupimwa". Lakini ukisikia "juzi tu", "juzi hapa", "hapa juzi", au juzi inayofuatwa na hadithi ndefu isiyo na saa, usiitafutie tarehe. Ajabu ni kwamba ikipanda kwenye mwaka hurudi kuwa ngumu. Mwaka juzi ni miaka miwili nyuma na si mwingine. Aliyesema mwaka 2024 kwamba alifunga ndoa mwaka juzi alimaanisha 2022, na hata mitaani hakuna anayeuvuta.

Nyuma ya juzi hakuna neno moja ambalo huku kila mtu analielewa. Mbele tuna mtondo na mtondogoo, nyuma tunabaki na maelezo: siku moja kabla ya juzi, au siku tatu zilizopita. Mteja akilalamika kwamba aliacha kitambaa "siku tatu zilizopita" na kitabu chako hakionyeshi, angalia siku mbili kabla ya kusema hukukipokea. Leo ikiwa Alhamisi, aliyeianza hesabu kwenye jana anamaanisha Jumatatu, aliyeianza kwenye leo anamaanisha Jumanne.

Kwa kitabu chako cha oda ningefanya hivi, na ningekifanya kwa mkono mmoja tu, wa yule anayepokea. Safu ya kwanza, siku na tarehe oda ilipopokelewa. Safu ya pili, maneno ya mteja kama alivyoyatamka, hata kama ni "kesho kutwa" au "mtondo". Safu ya tatu, jina la siku na tarehe ulizozipata kwa hesabu. Kisha mrudishie mteja hiyo safu ya tatu kwa sauti: "Kwa hiyo ni Jumapili tarehe 15, sivyo?" Jina na tarehe zote mbili ziwepo, kwa sababu zinachungana. Ukiandika "Jumapili 14" na tarehe 14 ni Jumamosi, umeliona kosa kabla kitambaa hakijakatwa. Tarehe pekee haijikosoi, na jina pekee halisemi ni Jumapili ya wiki gani. Safu ya pili usiiache hata ukiona haina kazi. Kukitokea ugomvi ndiyo itakayoonyesha kama kosa lilikuwa la neno au la hesabu.

Na huyo mama wa Mombasa, jambo moja zaidi. Kama gauni ni la arusi au la shughuli nyingine, na siku moja akakwambia analihitaji kwa "usiku wa Ijumaa", usiandike Ijumaa. Kwa Waswahili wengi wa pwani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule ambao wewe huuita Alhamisi usiku. Muulize, "Ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa yenyewe jioni?" Akijibu ni wa kuamkia, gauni liwe limepigwa pasi Alhamisi mchana.